Bibi na vifirongo vitelepu

Soma sentensi hii: vifirongo vitelepu vilimchakutia bibi mgondweni. Usihangaike na kamusi, maana nimeitunga mwenyewe asubuhi hii na ndani yake neno la kweli ni moja tu, bibi. Sasa nijibu. Nani alichakutiwa? Wapi? Kifirongo kilikuwa kimoja au vingi? Jambo hili limeshatokea au bado? Umejibu yote bila kusita, na kwenye mtihani wa ufahamu ungepata maksi zote. (Nina wasiwasi kwamba wengi wetu tulifaulu mitihani hiyo kwa njia hii hii.)

Aliyeufanya mchezo huu ujulikane duniani ni Mwingereza Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati huko Oksfodi, aliyeandika kwa jina la Lewis Carroll. Katika kitabu chake cha pili cha hadithi za Alisi, kilichotoka mwishoni mwa 1871, msichana huyo anasoma shairi lenye maneno ambayo hayamo katika lugha yoyote. Akimaliza anakiri kwamba hakuelewa, ila ameshika jambo moja: kuna mtu ameua kitu. Na kweli ndivyo ilivyo. Carroll alibuni majina, sifa na vitenzi, lakini vile viungo vidogo vya Kiingereza vinavyoyashikanisha maneno hakuvigusa.

Kwa Kiswahili mchezo unanoga zaidi, kwa sababu viungo vyetu vimo ndani ya neno lenyewe. Chukua vilimchakutia. Vi- inarudi kwa vifirongo, -li- inatupeleka wakati uliopita, -m- inamshika bibi. Mzizi peke yake ndio mtupu. Ndiyo maana sentensi inageuzika utakavyo: bibi alichakutiwa na vifirongo, vifirongo havikumchakutia bibi, vitelepu vile havichakutii mtu. Lakini ukisema vifirongo mtelepu lilichakutia, kila kitu kinaporomoka. Hapo hakuna tena upuuzi wa kuchekesha, ni kelele tu. Mtunzi wa upuuzi akivunja maneno hawezi kuvunja na upatanisho wa kisarufi, asije akabaki peke yake na kicheko chake.

Carroll aliutumia ujanja huo huo darasani. Kitabu chake cha mantiki cha 1896 kimejaa hoja za ajabu, na faida yake inaonekana ukitunga ya kwako. Mahakimu wote husuka ukili. Pweza wote ni mahakimu. Kwa hiyo pweza wote husuka ukili. Hakuna hata kauli moja ya kweli hapo, ila hoja imesimama: ukikubali mbili za kwanza, ya tatu huikwepi. Sasa linganisha na hii. Mahakimu wote husuka ukili. Mama yangu husuka ukili. Kwa hiyo mama yangu ni hakimu. Hii inaonekana ya kawaida zaidi, lakini imeoza, kwani hatukuambiwa kwamba ni mahakimu peke yao wanaosuka. Maana ya kawaida ikiondolewa, ufa wa hoja unaonekana kwa macho.

Turudi kwa bibi, kwa sababu kuna jambo ambalo sarufi imetuficha. Ule mwisho wa -ia unatuambia kwamba tendo lilimfikia, lakini haukusema lilimfikia kwa heri au kwa shari. Anayempikia bibi na anayemwibia bibi wote wanatumia mlango huo mmoja. Je, tumpe pole au hongera?

Hapa sikio linaingia kazini. Chakutia ina ch, k na t, sauti kavu zinazokatakata, nasi tunaanza kusikia chakura na chakaza hata kabla ya kufikiri. Mwaka 1961 mtafiti aitwaye Davis alichapisha matokeo ya jaribio alilowafanyia watoto wa Tanganyika, kandokando ya ziwa huko Mahale, pamoja na watoto wa Uingereza. Aliwapa michoro miwili, mmoja wa pembe kali na mwingine wa mviringo, na majina mawili yasiyo na maana. Moja lilikuwa takete, jingine laini la midomo. Pande zote mbili takete ilielekea kupewa mchoro wenye pembe. Basi badilisha sentensi yangu iwe vilimlembelia bibi, uone moyo wako unavyotulia, ingawa sijakueleza chochote kipya.

Sauti, hata hivyo, inadokeza tu. Chapatia ina ukavu ule ule, lakini ukimchapatia mtoto anayelia unambembeleza.

Nilipomsomea mama sentensi yangu, hakuuliza vifirongo ni nini. Aliweka ukili chini akasema, “Na huyo bibi, huko mgondweni alikuwa peke yake?”