Mwenye Duka, Chagua Mkopo kwa Kuangalia Mwezi Wako Mbaya

Duka la madaftari na sare za shule hapa Tanzania huuza sana Desemba na Januari, wazazi wanapojiandaa kwa mwaka mpya wa masomo. Ikifika Oktoba, biashara imelala. Tuseme mwenye duka kama hilo anataka shilingi 3,000,000 za kuleta mzigo, na mbele yake kuna mikopo ya aina mbili.

Wa kwanza una rejesho moja kila mwezi kwa mwaka mzima. Riba ikiwa asilimia 2 kwa mwezi, inayokokotolewa kwenye deni lililobaki, atalipa kama 283,700 kila mwezi, na riba yote itafika takriban 404,000. Wa pili unampa kikomo: anachukua anachohitaji, anarudisha anapouza, na riba inahesabiwa kwa siku ambazo fedha ziko mikononi mwake. Mkopo huu mara nyingi huwa na riba kubwa zaidi. Tuseme ni asilimia 3 kwa mwezi.

Wengi huishia kulinganisha 2 na 3, na hapo ndipo wanapokosea. Akichukua fedha mwishoni mwa Novemba na kumaliza deni mwishoni mwa Januari, mkopo wa asilimia 3 utamgharimu riba ya 180,000 tu. Ule wa asilimia 2 utamdai rejesho hata Oktoba. Kama mwezi huo, baada ya kodi ya pango na chakula cha nyumbani, anabakiwa na 200,000, basi 83,700 zitatoka kwenye mtaji. Mtaji ukiliwa hivyo miezi mitatu au minne, rafu zitakuwa zimepungua msimu unaofuata utakapoingia. Kwa hiyo pima rejesho kwa faida ya mwezi wako mbaya kuliko yote.

Lakini uhuru wa mkopo wa pili una hatari yake. Asiyegusa deni, akalipa riba tu, atatoa 90,000 kila mwezi. Mwaka ukiisha atakuwa amelipa 1,080,000 na bado anadaiwa 3,000,000 zilezile. Dalili ni rahisi kuiona: kama msimu mzima umepita na deni halijashuka hadi sifuri hata mara moja, fedha hizo hazizungushi mzigo tena. Zimeingia kwenye karo, msiba au matumizi ya nyumbani.

Kwa jokofu la soda, ninaona rejesho la kila mwezi linafaa zaidi, kwa sababu jokofu huingiza fedha kidogo kidogo mwaka mzima. Kwa mzigo wa Januari, chukua mkopo wa kikomo, mradi mauzo ya kila siku yaende kupunguza deni kabla hayajafika nyumbani.

Kabla ya kusaini, mwombe afisa mikopo akuandikie mambo mawili: jumla utakayolipa pamoja na ada zote, na kama riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki au kwenye mkopo wote wa mwanzo. Ikihesabiwa kwenye mkopo wote, ile asilimia 2 itakula 720,000 badala ya 404,000.