"Hauna Karanga?" "Ndiyo."

Wifi yangu anafundisha shule ya msingi Tanga, na neno lililompeleka hospitalini miaka sita iliyopita ni "ndiyo". Tulikuwa tumekaa kwenye mgahawa mmoja Dar es Salaam, saa saba na nusu mchana, watu wamejaa. Akaletewa wali, maharage na mchicha wenye rojo nzito ya tui. Kabla hajashika kijiko akamuuliza mhudumu, "Samahani kaka, mchicha huu hauna karanga?"

Kijana akajibu kwa adabu zote, "Ndiyo, dada."

Wifi akasikia: ndiyo, hauna. Kijana alimaanisha: ndiyo, unazo. Hakuna aliyedanganya. Swali la kukanusha katika Kiswahili hujibika kwa njia zote mbili, na "hapana" nayo ingekuwa na utata uleule. Hazikupita dakika kumi, midomo ikaanza kuvimba, vipele vikatoka shingoni, na sauti ikawa kama ya mtu aliyekabwa. Alipona kwa sababu zahanati ilikuwa mtaa wa pili na muuguzi hakusita kumchoma adrenalini pajani.

Tangu siku hiyo haulizi tena swali linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Mwezi uliopita nilifuatana naye tena kula nje, nikaamua kukaa kimya na kusikiliza anavyouliza. Nilijifunza mengi kuhusu jikoni kuliko kuhusu ugonjwa.

Jambo la kwanza lilikuwa saa. Tulifika saa tano na nusu, kabla ya msongamano wa mchana. Saa saba mpishi ana oda ishirini kichwani, na mhudumu anataka umalize kuongea ili akimbie meza nyingine. Saa tano na nusu mpishi anakata vitunguu na ana nafasi ya kukumbuka alichofanya asubuhi.

La pili ni jinsi alivyojieleza. Watu wengi wenye mzio husema, "Mimi situmii karanga." Kwa mhudumu, hiyo ni sentensi ya mtu asiyetumia nyama ya mbuzi au pilipili: ni suala la kupenda, ukikosea utaomba radhi. Neno "mzio" lenyewe wengi hawalielewi, na "aleji" humkumbusha mtu mafua na vumbi. Wifi alisema hivi: "Kaka, nikila karanga hata chembe, koo linaziba na ninashindwa kupumua. Ilishanilaza hospitali. Naomba unisaidie kumuuliza anayepika." Niliona uso wa kijana ukibadilika. Hakuhitaji kujua istilahi. Alihitaji kujua kitakachotokea.

Angalia pia kwamba alisema "karanga". Mtu wa Nairobi au Mombasa huenda akasema "njugu", na akija Dar mpishi anaweza kufikiria njugu mawe, ambazo hana kabisa jikoni, akajibu kwa moyo safi kwamba hazipo. Ukiwa mgeni, taja majina yote mawili, kisha eleza: zile za kukaanga zinazouzwa kwenye vifuko vya karatasi.

Kisha likaja swali lililonishangaza. Hakuuliza chakula kipi kina karanga. Aliuliza, "Leo mmepika nini chenye karanga?"

Tofauti ni kubwa. Ukiuliza kama samaki ana karanga, mhudumu anamfikiria samaki tu, na samaki hana. Ukiuliza karanga ziko wapi leo, unamlazimisha kulitembelea jiko lote kichwani. Kijana alienda, akarudi na jibu: kisamvu kimeungwa kwa karanga, na chatini ya mishkaki imesagwa na karanga kidogo. Ile chatini hata yeye alikuwa haijui, na haikuandikwa popote kwenye orodha ya vyakula.

Baada ya kujua karanga ziko wapi, wifi akazifuata nyayo zake. "Mnazisaga na nini?" Wanazisaga kwa blenda. "Nyanya za mchuzi mnasaga na nini?" Kijana akasita, akaenda tena jikoni. Blenda ni ileile moja. Asubuhi ilisaga karanga, ikasuuzwa kwa maji, ikasaga nyanya na kitunguu saumu cha mchuzi wa samaki. Kwa hiyo mchuzi ambao mpishi angekula kiapo kwamba hakuutia karanga, umepitia palipopita karanga. Kwenye nyumba na vibanda visivyo na blenda, swali hilo linahamia kwenye kinu na mchi: mahali panapotwangwa karanga ndipo panapotwangwa saumu na tangawizi.

Hapa ndipo watu hubishana nami. Chembe iliyobaki kwenye blenda itamfanya nini mtu mzima? Punje moja ya karanga ina protini karibu miligramu 200, na kwa baadhi ya wenye mzio mkali, miligramu chache tu zinatosha kuwasha moto. Hizo chache hujificha kirahisi chini ya kisu cha blenda. Moto wa jikoni hauzimalizi pia, kwani protini za karanga huvumilia joto, na zikikaangwa hazipotezi makali yake. Mtu anayesema "imechemka sana, haina neno" anafikiria vijidudu. Mzio si kijidudu.

Swali la mafuta lilifuata, nalo aliliuliza kwa ufundi uleule: "Kwenye karai hili mnakaanga nini na nini?" Si "mnatumia mafuta gani", ingawa hilo nalo lina maana, maana mafuta ya karanga yaliyokamuliwa kienyeji hubeba protini, wakati yaliyosafishwa kiwandani huwa na kidogo sana. Swali la "nini na nini" ndilo linalofichua mengi. Karai la chipsi ndilo hilo la bajia, la samaki na, Pwani, la kamba. Asiyeweza kula kamba anaweza kudhurika kwa chipsi ambazo hazijawahi kukaa sahani moja na kamba, kwa kuwa zimeogelea mafuta mamoja. Mpishi alijibu kwamba jana jioni walikaanga humo karanga za kuuzia watu wa baa. Chipsi zikaondoka mezani kabla hazijaagizwa.

Upawa ni balaa la mama lishe. Masufuria manne yamepangwa, upawa ni mmoja, unatoka kwenye kisamvu cha karanga unaingia kwenye maharage. Hapo hakuna swali litakalosaidia saa saba mchana. Maharage yameshachotwa mara arobaini. Wifi huwa anaangalia tu, halafu anaagiza ndizi na soda ya chupa.

Kuna jibu moja ambalo likitoka yeye hunyanyuka: "Hamna shida dada, nitakuondolea." Kuondoa karanga juu ya chakula ni sawa na kuchuja sukari kwenye chai. Anaogopa pia jibu linalokuja kabla swali halijaisha, na "kidogo tu haitakudhuru". Linalompa imani ni lile ambalo wenye hoteli wengi huona aibu kulisema: "Sijui." Mpishi anayesema hajui kilichomo kwenye pakiti ya masala, kisha akaileta pakiti isomwe, huyo unaweza kula kwake. Wifi huomba pakiti bila haya, na husoma mpaka maandishi madogo ya chini.

Kwa nini kuangalia pakiti, ikiwa mpishi anaapa? Januari 2014, huko Yorkshire Uingereza, mwanamume mwenye mzio wa karanga alinunua mchuzi wa kuku wa kwenda nao nyumbani. Alishaeleza kwamba hawezi kula karanga wala jamii yake, na kifuniko kikaandikwa hivyo. Ila mwenye mgahawa, ili apunguze gharama, alikuwa ameacha unga wa lozi na kununua mchanganyiko wa bei nafuu uliosagwa na karanga. Mteja alifariki, na mwaka 2016 mwenye mgahawa akafungwa miaka sita kwa kuua bila kukusudia. Kifuniko kilisema kitu kimoja, gunia la stoo lilisema kingine.

London nako, mwaka 2017, kijana aliyekuwa akisherehekea kutimiza miaka 18 aliwaambia wahudumu kwamba ana mzio wa maziwa, akaagiza kuku wa kuchoma. Orodha haikutaja maziwa kwenye kuku huyo. Alikuwa amelowekwa kwenye maziwa kabla ya kuchomwa, na kijana alifariki. Kwetu kuku wa tikka hulowekwa kwenye mtindi kila siku, kwa hiyo nyama ikishachomwa swali si "imechomwa na nini" bali "imelala kwenye nini".

Turudi mezani. Wifi aliishia kuagiza samaki mzima wa kuchoma kwenye mkaa, kwa chumvi na ndimu tu, na ndizi za kuchemsha. Akaomba mpishi anawe mikono kwa sabuni na maji ya kutiririka, si ile jeli ya mikono iliyokuwa kaunta, maana jeli huua vijidudu lakini protini ya karanga hubaki palepale kiganjani. Akaomba pia wavu usuguliwe, na samaki atolewe kwa koleo safi. Kwa jumla kijana alienda jikoni mara tano. Nilihesabu. Wifi alimpa elfu tano kabla ya kula, akisema ni ya usumbufu, na nilipomuuliza kwa nini asisubiri mwisho, akasema mtu aliyeshalipwa usumbufu hachoki kurudi kuuliza.

Alipokula lile tonge la kwanza alinyamaza kidogo, akaweka mkoba pajani. Ndani mna sindano za adrenalini alizopewa na daktari wake, na karatasi ya kipimo. Kwa mtu mzima ni kati ya miligramu 0.3 na 0.5, kwenye msuli wa nje wa paja, na ya pili baada ya dakika tano hadi kumi na tano kama hali haijatulia. Halafu hospitali, hata kama amepata nafuu, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Vidonge vya mzio vya dukani anavyo pia, lakini hivyo hupunguza kuwashwa tu. Koo likianza kuziba havilifungui.

Hakuna kilichotokea. Tulikula, tukazungumza habari za kaka na watoto, tukaomba bili. Kijana alipoleta chenji akainama kidogo, amefurahi kama aliyefaulu mtihani.

"Dada, nimeshakujua. Kesho ukija huna haja ya kuuliza, nitakuletea hivihivi."

"Asante sana kaka," wifi akamjibu. "Kesho nani anapika?"

Kijana akafikiri. Kesho ilikuwa zamu ya mpishi mwingine.