Akrabu Iko Saba, Saa ni Moja

Asubuhi katika darasa la Rongai (ile ya Nakuru, si ya Kajiado) akrabu fupi ya saa ya ukutani imeelekea 7. Kwenye somo la Kiingereza mtoto wa miaka sita amefundishwa kutaja saba. Nyumbani nyanya yake husema saa moja. Akiduwaa, hana kosa.

Saa za Kiswahili huanzia macheo, na kwa kuwa ikweta ipo hapo jirani, Mogotio, jua la Rongai huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Nambari za ukutani huanzia usiku wa manane. Tofauti yao ni saa sita, yaani nusu duara. Kwa hiyo saa tunayoitaja daima iko mkabala na nambari inayoonyeshwa na akrabu fupi.

Basi saa ya katoni itengenezwe ikionyesha hilo. Chora duara kwa kufuatisha ukingo wa sahani, uandike 12, 6, 3 na 9, kisha nambari mbili mbili katika kila nafasi iliyobaki. Akrabu fupi uikate na mkia mwekundu unaofika ng'ambo ya pili. Ishikize katikati kwa kifungo na uzi. Kichwa kikiwa 7, mkia uko 1.

Akrabu ndefu isubiri kwanza. Chora kadi nne: kuingia darasani, uji, kucheza jioni, kulala. Mtoto azipange kwa mfuatano bila saa, kwa maana asiyejua kinachotangulia hana cha kupima. Halafu aokote kadi moja moja na kuizungushia akrabu. Uji ni saa nne: mkia 4, kichwa 10. Kuingia darasani ni saa mbili, na kulala pia saa mbili. Sura ya saa ni ileile. Kadi ndiyo inayomwambia kama ni asubuhi au usiku, jambo ambalo saa yenyewe haiwezi.

Akishazoea, ongeza akrabu ndefu, na hapa katoni ina udhaifu wake: kila akrabu huenda kivyake. Mwambie aweke saa moja unusu. Wengi hushusha ndefu hadi 6 na kuiacha fupi palepale kwenye 7. Ukiona hivyo, jua hajaelewa kwamba akrabu hizi husafiri pamoja. Teremsha saa ya kweli, zungusha kitufe cha nyuma polepole, aone fupi ikisogea mpaka katikati ya 7 na 8. Mwingine ataona mkia kati ya 1 na 2, aseme saa mbili unusu. Huyo muulize mkia umeshapita nambari gani, si unakaribia ipi.

Akipatia kadi zote siku kadhaa mfululizo, kunja mkia nyuma ya akrabu, umpe kadi ya uji tena.