Aya ya Kwanza Inayonukuliwa Bila Kupotoshwa

Chukua aya hii, ya aina inayofungua makala nyingi za afya:

"Kuharisha ni tatizo kubwa kwa watoto wetu, lakini suluhisho lake lipo jikoni. Unachohitaji ni nusu kijiko cha chumvi na vijiko sita vya sukari. Changanya kwenye maji, kisha mpe mara kwa mara. Vipimo vyake tutaviona hapo chini."

Msomaji aliyetulia na makala ataendelea hadi hapo chini, akutane na lita moja ya maji, na mambo yatakwenda sawa. Mtambo wa majibu haufanyi hivyo. Kwa kawaida huigawa makala vipande vipande, huchagua kipande kinachokaribiana na swali la mtu, kisha hujibu kwa kunukuu au kufupisha kipande hicho. Mama anapouliza usiku, "chumvi kiasi gani kwa mtoto anayeharisha?", anaweza kuletewa sentensi ya pili peke yake. Akiweka chumvi hiyo kwenye kikombe cha robo lita, mchanganyiko unakuwa mkali mara nne kuliko inavyotakiwa. Chumvi nyingi kiasi hicho humdhuru mtoto ambaye tayari amepungukiwa na maji mwilini. Mtambo haukuzua kitu hapo, kwani sentensi ilikuwa na upungufu tangu ilipotoka mkononi mwa mwandishi.

Ningeiandika upya hivi:

"Maji ya chumvi na sukari yanayotengenezwa nyumbani humrudishia mtoto anayeharisha maji na chumvi alizopoteza, lakini hayakomeshi kuharisha. Kwa kila lita 1 ya maji safi na salama, weka vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikiwa cha kusawazishwa, si cha kilima. Mchanganyiko huu wa nyumbani ni wa dharura, pale pakiti za ORS zinapokosekana. Mtoto anayeharisha akishindwa kunywa, akilegea, macho yakididimia au akitoa choo chenye damu, apelekwe kituo cha afya mara moja."

Angalia sentensi ya pili. Lita imetangulia chumvi, na vyote viwili vimo ndani ya sentensi moja, kwa hiyo anayeinukuu nzima hawezi kubeba kipimo na kuacha maji. Kijiko nacho kimetajwa ni kipi, kwa sababu kijiko kikubwa cha mezani hubeba takriban mara tatu ya kijiko cha chai. Sharti linaloweza kuokoa mtu halifai kusubiri sentensi inayofuata, sembuse aya inayofuata.

Jambo la pili ni majina. Kiswahili kinaturuhusu kuandika "apelekwe" au "mpe" bila kumtaja mtu, na ndani ya makala hakuna anayepotea. Ila sentensi ikishachomolewa, kiambishi kile hakina tena wa kumrejelea: apelekwe nani? Ndiyo maana "mtoto anayeharisha" amerudiwa katika sentensi ya mwisho. Masikioni ni kuzito kidogo, lakini katika aya hii moja nauona uzito huo ni halali kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo, "mwaka huu" na "hivi karibuni" ziachie nafasi mwaka wenyewe kwa tarakimu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye imani potofu. Mwandishi akianza na "Mtoto anayeharisha asipewe maji, ndivyo wengi wanavyoamini", kisha akakanusha katika sentensi ya pili, amewapa wanaofupisha kauli ya uongo iliyokamilika. Anza na lililo kweli: "Mtoto anayeharisha aendelee kunywa na kunyonya, kinyume na imani kwamba maji yanamzidishia."

Kabla ya kuchapisha, nakili kila sentensi ya aya hiyo kwenye karatasi yake, umpe mwenzako ambaye hajaiona makala. Muulize inamhusu nani, kiasi gani, na kwa sharti gani. Akikuuliza "kijiko gani?" au "nani huyo?", sentensi hiyo bado. Kisha linganisha aya na mwili wa makala, kwa maana jedwali la chini likisema "kijiko" tu, mtambo unaweza kuchukua hilo badala ya lile uliloliandika kwa uangalifu juu.

Hata hivyo, hakuna aya inayoulazimisha mtambo kunukuu neno kwa neno. Unaweza kuchanganya maneno yako na ya makala nyingine, au kuendelea kutumia nakala ya zamani kwa muda baada ya wewe kusahihisha. Kwa hiyo makala ikishatoka, uliza mwenyewe swali lile ambalo mama angeuliza, kwa maneno yake, uone kama lita imebaki pamoja na chumvi.