Mtoto akiuliza kwa nini sisimizi 'wanasalimiana' njiani

Mtoto wa miaka sita amechuchumaa jikoni. Mbele yake mstari wa sisimizi unatoka kwenye ufa chini ya dirisha, unapanda mguu wa meza na kuishia kwenye kopo la sukari. Wanaokwenda na wanaorudi wanakutana uso kwa uso. Kila wanapokutana wanasimama kidogo, wanagusana kwa vipapasio, kisha kila mmoja anashika njia yake.

"Mama, wanasalimiana?"

Mama ana kopo la dawa ya wadudu mkononi, na sukari ya chai ya asubuhi iko palepale. Swali la mtoto ni zuri, na jibu lake linaweza kumsaidia mama kuamua kama apulize dawa au achukue kitambaa.

Tuanze na mstari. Hakuna kiongozi anayewapanga sisimizi. Kwanza hutoka mmoja mmoja, wakizurura huku na huku kutafuta chakula. Mmoja akiipata sukari, anakunywa utamu wake na kuuhifadhi katika tumbo la pekee ambalo kazi yake ni kubebea chakula cha wenzake. Akiwa njiani kurudi, anagusisha ncha ya tumbo chini na kuacha alama ndogo za kemikali yenye harufu, ambayo wataalamu huiita feromoni. Mwenzake akiinusa, anaifuata mpaka kwenye sukari, naye akirudi anaongeza ya kwake. Harufu inavyokolea ndivyo wengi zaidi wanavyovutwa, na baada ya muda mfupi njia nzima imejaa.

Harufu hiyo hupotea hewani isipoongezwa. Sukari ikiisha, wanaorudi mikono mitupu hawaweki alama, njia inafifia na mstari unakatika wenyewe.

Mwaka 1989, watafiti wa Brussels, Ubelgiji, akiwamo Jean-Louis Deneubourg, walionyesha jinsi jambo hili linavyofanya kazi. Waliunganisha kiota cha sisimizi na chakula kwa daraja lenye njia mbili, moja ikiwa na urefu mara mbili ya nyingine. Mwanzoni sisimizi waligawanyika, kwa kuwa hakuna aliyejua ipi ni fupi. Lakini waliopita njia fupi waliwahi kurudi, hivyo harufu yake ikakolea mapema. Baada ya dakika chache wengi walikuwa wakipita huko, ingawa hakuna hata mmoja aliyepima njia hizo.

Njia hii ina udhaifu wake. Watafiti walipoweka njia ndefu peke yake kwanza, kisha wakaongeza fupi baadaye, sisimizi wengi waliendelea na ile ndefu. Harufu ya zamani ilikuwa imekolea mno kiasi kwamba njia mpya, hata kama ilikuwa bora, haikupata nafasi.

Sasa tuje kwenye 'salamu'. Kipapasio ndiyo pua ya sisimizi. Mwili wake umefunikwa na tabaka jembamba la mafuta linalomzuia asikauke, na mafuta hayo yana harufu. Wa kiota kimoja wana harufu inayofanana. Anapomgusa mwenzake, sisimizi anamnusa, na kwa mguso huo mfupi anajua kama huyu ni wa nyumbani au mgeni. Akiwa mgeni, mara nyingi kinachofuata ni ugomvi.

Kuna aina ambazo harufu hiyo husema zaidi ya hapo. Deborah Gordon wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, amewachunguza kwa miaka mingi chungu wavuna mbegu wanaoishi katika jangwa la Arizona. Kila asubuhi wachache, walinzi, hutoka kwanza kukagua mazingira. Wasiporudi salama, wakusanya mbegu hawatoki. Kazi ya jua na hewa kavu hubadilisha mafuta ya mwili, kwa hiyo anayefanya kazi nje hanuki sawasawa na anayefanya usafi ndani ya kiota.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, Gordon na mwenzake Michael Greene waliwazuia walinzi wasirudi kiotani. Badala yao walidondosha mlangoni shanga ndogo za kioo zilizopakwa mafuta yaliyotolewa kwenye miili ya walinzi, moja kila baada ya sekunde 10 hivi. Wakusanya mbegu walitoka. Shanga zilipopakwa mafuta ya wale wanaotunza kiota, hazikuwa na nguvu hiyo.

Shanga haina mdomo wala vipapasio, haiwezi kumwambia mtu "njoo". Kwa hiyo kinachowasukuma chungu ni harufu ya aliyeguswa na mara ngapi amekutana na wa namna hiyo. Akikutana na walinzi wengi kwa muda mfupi, hali ya nje ni nzuri. Wakiwa wachache, anabaki ndani.

Basi mtoto anaweza kujibiwa hivi: si salamu kama ya watu, maana hawapeani habari kwa maneno. Kila mmoja anamnusa mwenzake kujua ni nani, halafu anaendelea na kazi.

Na yule mama mwenye kopo la dawa? Akipulizia mstari, atawaua wanaoonekana, ambao ni sehemu ndogo tu ya kiota, na atakuwa amemwaga sumu karibu na vyombo. Kwa baadhi ya aina, kama wale sisimizi wadogo sana wa rangi ya njano waitwao sisimizi wa Farao, usumbufu wa namna hiyo unaweza kufanya kundi ligawanyike na kuanzisha viota vipya ndani ya nyumba ileile.

La kwanza ni kuondoa kinachowaita: sukari iingie kwenye chombo chenye kifuniko kinachokaza. La pili ni kufuta njia yote kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kuanzia mezani mpaka kwenye ufa. Akifuta juu ya meza tu, harufu iliyobaki sakafuni itaendelea kuwaleta. La tatu ni kuziba ufa wenyewe. Kiota kitakuwa bado kipo, na wapelelezi wachache wataendelea kuja kwa siku kadhaa, lakini wasipokuta chakula hawatakuwa na sababu ya kuweka alama.

Kabla ya kufuta, mzazi anaweza kumwonyesha mtoto jambo moja. Weka karatasi katikati ya njia na uiache mpaka sisimizi waizoee na kupita juu yake, pengine nusu saa. Kisha izungushe polepole robo duara. Wengi watafuata mstari wa zamani kwenye karatasi mpaka ukingoni, halafu watasimama wakichezesha vipapasio huku na huku, kwa kuwa harufu imekatikia hapo. Jaribio hili lifanyike kwa sisimizi wadogo wa jikoni tu. Siafu na maji moto waachwe, kwa sababu wanang'ata.

Baada ya muda, mmoja atavuka pengo kwa kubahatisha na kuikuta njia upande wa pili. Mtoto amwangalie huyo. Akirudi kwa njia ileile, wenzake wataanza kumfuata, na mstari utaungana tena mbele ya macho yake.