Betri Inaposoma 38 Kompyuta Ikazima

Kompyuta mpakato ya mtumba kutoka Kariakoo inaonyesha chaji asilimia 38, mara inazima ghafla kama umeme wa LUKU uliokwisha. Fundi mmoja anasema betri imekufa, mwingine anataka kipimo chake kisawazishwe. Kabla ya kutoa hela, mwenye mashine anaweza kuiuliza betri yenyewe.

Kwenye Windows, hufungua Command Prompt na kuandika:

```
powercfg /batteryreport
```

Mashine hutengeneza faili la ripoti na kuonyesha mahali lilipohifadhiwa. Ndani yake, mistari miwili ndiyo ya kuangalia kwanza. DESIGN CAPACITY ni ujazo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY ni ujazo inaodhani inaubeba sasa.

Neno "inaodhani" ndilo lenye uzito. Ndani ya betri mna chipu inayohesabu umeme unaoingia na kutoka, na hesabu hiyo hupotoka polepole, hasa kwa mashine inayokaa kwenye chaja wakati wote. Tuseme ripoti inatoa 50,000 mWh za kiwandani na 41,000 za sasa, yaani asilimia 82. Betri ya namna hiyo haipaswi kuzima ikiwa na 38. Ama chipu imekosea hesabu, ama seli mojawapo imechoka na inaangusha nyingine.

Kusawazisha kipimo ndiko kunakotenganisha mawili hayo. Betri hujazwa hadi 100 na kuachwa kwenye chaja saa moja au mbili, kisha hutumiwa bila chaja mpaka mashine izime, halafu hujazwa tena bila kukatizwa. Baada ya hapo ripoti hutolewa upya. Ikishuka hadi 21,500, huo ndio ukweli uliokuwa umefichika: imebaki asilimia 43, na betri iliyokuwa ikidumu saa tano bila chaja ilipokuwa mpya sasa itadumu takriban mbili. Namba imerekebishwa, seli hazikupona. Kurudia zoezi kila wiki kunazidi kuzichosha tu.

Betri isiyoonekana kabisa ni kesi nyingine. Hapo chipu haijibu. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha kila kitu. Ikiwa hata BIOS haiioni, Windows haina kosa: fundi akague soketi na waya wa betri kwanza. Betri iliyokaa kabatini miezi mingi bila chaji huenda imejifunga yenyewe kwa usalama, na anayejitolea kuishtua kwa nyaya za nje anacheza na moto.

Kama betri imevimba, hakuna cha kupima. Zima mashine, usiichaji tena, na usiitoboe.