Sahihi Isiyomtaja Mwenyewe

Sahihi ya kawaida ya kidijitali humfunga mtu mmoja na ujumbe mmoja. Mwenye kutia sahihi ana namba mbili zinazokwenda pamoja: ufunguo wa siri anaoujua peke yake, na ufunguo wa wazi unaotangazwa kwa watu wote. Anayekagua hutumia ule wa wazi kuhakikisha kwamba sahihi imetoka kwa mwenye ule wa siri na kwamba ujumbe haukubadilishwa. Sahihi ya kikundi na sahihi ya duara huhifadhi uhakika huo, ila hupunguza kinachojulikana: mkaguzi hupata hakika kuwa aliyetia sahihi ni mmoja wa watu fulani, bila kuweza kujua ni yupi.

Sahihi ya kikundi ndiyo iliyotangulia. Ilielezwa na David Chaum na Eugène van Heyst mwaka 1991. Kikundi kina msimamizi anayewaandikisha wanachama na kumpa kila mmoja hati ya uanachama. Mwanachama anapotia sahihi, hati hiyo haionekani. Katika miundo mingi iliyofuata, utambulisho wake hufichwa ndani ya sahihi kwa fumbo ambalo msimamizi pekee anaweza kulifungua, pamoja na uthibitisho kwamba fumbo hilo lina jina la mwanachama halali. Pakitokea ugomvi au udanganyifu, msimamizi hulifungua fumbo na mhusika hujulikana.

Mwaka 2001 Ron Rivest, Adi Shamir na Yael Tauman walieleza sahihi ya duara, isiyo na msimamizi. Mfano wao ulikuwa wa mjumbe wa baraza la mawaziri anayetaka kumpa mwandishi wa habari siri kuhusu waziri mkuu. Akitia sahihi yake ya kawaida, ataumbuka. Asipotia sahihi, mwandishi hatakuwa na sababu ya kuamini kwamba habari imetoka barazani. Kwa sahihi ya duara, mjumbe huyo huchukua funguo za wazi za wenzake, ambazo tayari zimetangazwa, akaziunganisha na wa kwake. Haombi ruhusa yao, na huenda wasijue kamwe kwamba funguo zao zimetumika.

Jinsi duara linavyofungwa inaonekana vizuri kwa namba ndogo. Muundo ufuatao ni wa aina iliyotolewa na Abe, Ohkubo na Suzuki mwaka 2002. Tuseme wanakamati ni Asha, Baraka na Chausiku. Ufunguo wa wazi hupatikana kwa kuchukua 2, kuipandisha kwa kipeo cha ufunguo wa siri, kisha kushika baki baada ya kugawanya kwa 23. Siri ya Asha ni 3, hivyo ufunguo wake wa wazi ni 8. Siri ya Baraka ni 7 na ufunguo wake wa wazi ni 13. Siri ya Chausiku ni 5 na wa wazi ni 9. Ujumbe unawakilishwa na namba 4.

Kila mtu katika duara hupokea namba ya swali, `c`, na huwekewa namba ya jibu, `s`. Kutokana na hizo na ufunguo wake wa wazi, `y`, hupatikana swali la anayefuata:

```
R = 2^s × y^c   (baki ya kugawanya kwa 23)
c ya anayefuata = 4 + R   (baki ya kugawanya kwa 11)
```

Baraka ndiye anayetia sahihi. Anaanza kwa kuchagua namba ya siri ya kubahatisha, 9. Kwake `R` ni 2 kwa kipeo cha 9, yaani 512, na baki yake ni 6. Swali la Chausiku linakuwa 4 + 6 = 10. Baraka hajui siri ya Chausiku, lakini haihitaji: anambunia jibu 2, anapata `R` ya 3, na swali la Asha linakuwa 7. Asha anambunia jibu 4, anapata `R` ya 8, na jumla ya 12 inaacha baki 1. Swali limerudi kwa Baraka, nalo ni 1.

Hapa ndipo ufunguo wa siri unapohitajika. Baraka hana tena uhuru wa kubuni, kwa sababu jibu lake lazima lirudishe ile `R` ya 6 aliyoanza nayo. Analipata kwa kutoa: 9 − (7 × 1) = 2. Bila kuijua 7, asingejua cha kutoa. Sahihi anayoituma ni swali la Asha, 7, na majibu matatu kwa mpangilio wa majina: 4, 2, 2.

Mkaguzi huanza kwa Asha na swali 7 na jibu 4, akapata swali 1 kwa Baraka. Kwa jibu 2 anapata swali 10 kwa Chausiku, na kwa jibu 2 la Chausiku anarudi kwenye 7. Duara limefunga, hivyo sahihi ni halali. Yeyote kati ya watatu angeweza kutoa namba hizohizo kwa kuanzia kwake mwenyewe, na hakuna hesabu itakayomtofautisha, hata kwa kompyuta yenye nguvu isiyo na mpaka. Namba hizi ndogo ni za kujifunzia tu na hazilindi kitu. Katika matumizi halisi namba zina tarakimu zaidi ya 70, na jumlisho rahisi la 4 + R hubadilishwa na kanuni ya kuchanganya isiyoweza kurudishwa nyuma.

Mara nyingi siri huvuja nje ya hesabu. Sahihi ikiandikwa kila mara kuanzia kwa mtiaji badala ya jina la kwanza kwenye orodha, imemtaja. Mtu akiwabunia wenzake majibu madogomadogo, jibu lake kubwa litamfichua. Duara lenyewe nalo huweza kusaliti: ikiwa watatu wametajwa na wawili hawakuwa na njia ya kuijua habari iliyovuja, wa tatu amejulikana.

Sarafu ya kidijitali ya Monero, iliyoanza mwaka 2014, inaonyesha hatari hiyo. Hutumia sahihi ya duara kuficha ni sarafu ipi kati ya kadhaa inayotumiwa, na huongeza alama inayojirudia sarafu ileile ikitumiwa mara ya pili, ili mtu asilipe mara mbili bila kugundulika. Miaka ya mwanzo watumiaji waliruhusiwa kutumia duara la mtu mmoja, na watafiti walionyesha kuwa mara nyingi sarafu mpya kuliko zote katika duara ndiyo iliyokuwa ya kweli. Tangu 2022 kila duara lina wajumbe 16, na wale wa kuficha huchaguliwa kwa kuiga mwenendo halisi wa matumizi.

Sahihi ya kikundi ina hatari ya aina nyingine: aliyeshika ufunguo wa kufungua fumbo anaweza kumfichua mwanachama yeyote, na ufunguo huo ukiibwa, sahihi zote za zamani hufunuka. Kwa hiyo kampuni inayotaka kuwawajibisha wafanyakazi wake itafaa kutumia sahihi ya kikundi. Mtoa siri anayewaogopa wakubwa wake atumie ya duara, na achague wenzake wa duara miongoni mwa watu ambao kila mmoja wao angeweza kweli kuijua siri hiyo.